Mbegu Peke Yake Hairudishi Picha

Mteja akishaipitisha picha ya tangazo, kazi haijaisha. Wiki chache baadaye hurudi na ombi ambalo kwake ni dogo: tangazo lile lile, ila sasa liwe la mraba kwa ajili ya Instagramu, au lile lile, ila kopo libebe nembo mpya. Zamani, picha ilipopigwa studioni na kuunganishwa kwa mkono, mbunifu alifungua faili lenye matabaka yake na kuhamisha alichotaka. Leo sehemu kubwa ya picha hiyo huenda imezalishwa na modeli kama Stable Diffusion, na mbunifu anayeulizwa jinsi ilivyopatikana hutaja namba moja, yaani mbegu, akiamini imebeba kila kitu. Haikubeba.

Modeli za aina hii hazianzi na karatasi tupu. Huanza na chengachenga kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka picha ijitokeze, zikiongozwa na maneno ya maelekezo. Chenga hizo si za kubahatisha kikweli. Hutoka kwenye kanuni ya hesabu inayotema mfululizo wa namba zinazofanana na za bahati nasibu, na mbegu ndiyo inayoamua mfululizo uanzie wapi. Mbegu ile ile kwenye kanuni ile ile hutoa chenga zile zile, na kazi ya mbegu inaishia hapo. Haijui chenga zitasafishwa na modeli gani, kwa njia gani, kwa hatua ngapi, wala zitatandazwa kwenye picha ya ukubwa gani.

Hilo la ukubwa huwakwaza wengi. Modeli ya SDXL haichori moja kwa moja kwenye pikseli; hufanya kazi kwenye umbo lililobanwa mara nane kila upande. Picha ya pikseli 1344 kwa 768 kwake ni jedwali la 168 kwa 96. Tuseme namba za mfululizo zinajaza jedwali hilo mstari baada ya mstari. Ukibadilisha picha iwe 1024 kwa 1024, jedwali linakuwa 128 kwa 128, na namba ya 129, ambayo ilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza, sasa inafungua mstari wa pili. Kila kilichofuata kimehama. Ndiyo maana mtu akiandika mbegu ile ile na kubadilisha vipimo tu, hapati picha yake ikiwa ya mraba. Hupata picha nyingine kabisa.

Mfano mmoja utasaidia zaidi ya kanuni kumi. Tuseme studio imepewa kazi ya bango la kahawa: kopo la bati juu ya meza ya mbao, nyuma yake dirisha lenye mwanga wa asubuhi. Kopo ni picha halisi iliyopigwa kwa kamera, kwa sababu hakuna mteja anayekubali modeli ivuruge herufi za jina la bidhaa yake. Kazi inapita hatua tano. Kwanza, mandhari ya meza na dirisha inazalishwa kwa SDXL kwa ukubwa wa 1344 kwa 768. Pili, kopo linakatwa na kuwekwa juu ya meza kwa mkono ndani ya Photoshop au GIMP. Tatu, sehemu ya meza iliyo chini ya kopo inachorwa upya na modeli ili kopo lipate kivuli na mng'ao unaolingana na mwanga wa dirisha. Sehemu hiyo huonyeshwa kwa maski, yaani picha ya nyeusi na nyeupe inayoiambia modeli pa kugusa na pa kuacha. Nne, picha nzima inakuzwa mara nne kwa kikuzaji cha R-ESRGAN, inafika 5376 kwa 3072. Tano, rangi zinasawazishwa.

Katika hatua hizo tano, mbegu inahusika katika mbili tu, ya kwanza na ya tatu. Kikuzaji hakina mbegu. Hatua ya pili na ya tano ni mkono wa mtu.

Hatua ya kwanza ndiyo rahisi kuhifadhi, kwa sababu programu zenyewe zinaihifadhi. Programu ya AUTOMATIC1111 huandika ndani ya faili la PNG maelekezo yote, na chini yake mistari kama hii:

```
Steps: 30, Sampler: DPM++ 2M, Schedule type: Karras,
CFG scale: 6, Seed: 418207733, Size: 1344x768,
Model hash: 31e35c80fc, Model: sd_xl_base_1.0, Version: v1.10.1
```

ComfyUI inakwenda mbali zaidi: huficha ndani ya PNG mtiririko mzima wa kazi, kiasi kwamba ukiiburuta picha na kuidondosha kwenye dirisha la programu, mtiririko wote unajipanga upya. Ni huduma nzuri kweli, na ndiyo inayowafanya watu wabweteke. Taarifa hizo zinaishi ndani ya faili la asili tu. Kwetu idhini nyingi hupitia WhatsApp, na picha iliyotumwa humo kwa njia ya kawaida hubanwa upya kuwa JPEG, taarifa zote zikifutika. Mteja anajibu "hii hapa, safi", naye anajibu juu ya nakala isiyosema ni ipi kati ya picha nane zilizokuwa kwenye folda. Dawa yake ni ndogo: jina la faili libebe kazi, hatua na mbegu tangu siku ya kwanza, na picha ya kuidhinishwa itumwe kama hati, si kama picha.

ComfyUI ina mtego wake pia. Chini ya kisanduku cha mbegu kuna chaguo linaloitwa `control after generate`, na mara nyingi huwa limewekwa `randomize`. Maana yake, picha ikishatoka, kisanduku kinabadilisha namba kwa ajili ya picha ijayo. Mbunifu anayeipenda picha iliyo mbele yake na kunakili namba anayoiona kwenye skrini ananakili mbegu ya picha ambayo bado haijazaliwa. Namba sahihi iko ndani ya PNG. Anayetaka kuandika kwa mkono abadilishe kwanza chaguo hilo kuwa `fixed`.

Mtego wa namna hiyo uko pia kwenye picha za mkupuo. Ukiomba picha nne kwa pamoja katika AUTOMATIC1111, kila moja hupata mbegu yake: ya kwanza 418207733, ya pili 418207734, na kuendelea, hivyo ya tatu unaweza kuirudia peke yake. Katika ComfyUI, mkupuo wa picha nne hutolewa kwenye mbegu moja, chenga za picha zote zikichotwa kwa mfululizo mmoja. Picha ya tatu haina mbegu yake mwenyewe. Kuirudisha kunahitaji mbegu, idadi ya mkupuo na nafasi yake kwenye mkupuo. Rekodi isiyo na neno "ya tatu kati ya nne" hapo imepungukiwa, hata kama namba zote nyingine ni sahihi.

Kuhamisha namba kutoka programu moja kwenda nyingine nako hakufai kitu. Kwa kawaida AUTOMATIC1111 huzalisha chenga kwenye kadi ya grafiki, ilhali ComfyUI huzizalisha kwenye prosesa ya kompyuta, na kanuni za pande hizo mbili hazitoi mfululizo mmoja. Hata mabano ya kutilia neno uzito, kama `(steam:1.2)`, kila programu huyapigia hesabu kwa njia yake. Kwa hiyo jina na toleo la programu ni sehemu ya rekodi, sawa na mbegu yenyewe.

Hatua ya tatu, ya kivuli, ndiyo yenye utajiri, na ndiyo inayoachwa bila kumbukumbu. Modeli hapa haianzi na chenga tupu. Inapewa picha iliyounganishwa kwa mkono, inaitia chenga kwa kiasi fulani ndani ya maski, kisha inasafisha. Kiasi hicho ndicho `Denoising strength`. Kwenye bango letu kimewekwa 0.45: chini ya hapo kivuli hakitoki, juu sana modeli inaanza kubuni vijiko na maharage ya kahawa ambayo hakuna aliyeyaomba. Ina maana matokeo yanategemea kila pikseli ya picha iliyoingia. Mbunifu akifuta faili lile la kati, kisha baadaye akaliweka kopo upya pikseli sita kulia, mbegu na namba nyingine zote zitakuwa sahihi na kivuli bado kitatoka tofauti. Vivyo hivyo akiwa ameihifadhi picha ya kati kama JPEG. Hakuna mbegu inayoweza kurudisha mkono wa mtu; kinachoweza kurudishwa ni faili ambalo mkono huo uliliacha.

Rekodi ya hatua hii, basi, inakuwa faili dogo la maandishi linalokaa kando ya picha:

```
hatua: 3, kivuli chini ya kopo
picha iliyoingia: 02_muunganiko.png
maski: 03_maski.png
mask blur: 8
inpaint area: only masked, padding 128, 1024x1024
masked content: original
denoising strength: 0.45
steps: 30, DPM++ 2M Karras, CFG 6
seed: 90551274
matokeo: 03_kivuli.png
```

Hiyo `padding` ya 128 si pambo. Programu ikichora sehemu ya maski peke yake, hukata kipande cha picha kuzunguka maski, hukikuza, hukifanyia kazi, kisha hukirudisha. Ukubwa wa pindo ndio unaoamua modeli ione nini pembeni. AUTOMATIC1111 huanza na 32, na kwa 32 modeli ingeona mbao na ukingo wa chini wa kopo tu. Kwa 128 inaona bati lenyewe na rangi yake, ndiyo maana mng'ao mezani ukawa mwekundu kama kopo. Anayesahau namba hii hurudia kazi na kupata kivuli kizuri cha kijivu, halafu hushinda mchana kutwa akiilaumu mbegu.

Hata idadi ya hatua inadanganya. Kwa nguvu ya 0.45, AUTOMATIC1111 ikiambiwa hatua 30 hufanya takriban 13 tu, kwa sababu inaingia katikati ya safari. ComfyUI hufanya zote 30 ndani ya kipande hicho kifupi. Namba ni moja, kazi ni mbili.

Limebaki la modeli, na hapa historia ina somo la karibuni. Mwishoni mwa Agosti 2024, kampuni ya Runway iliondoa kwenye tovuti ya Hugging Face hazina yake ya Stable Diffusion 1.5, modeli iliyokuwa ikitumiwa na watu duniani kote kupitia jina `runwayml/stable-diffusion-v1-5`. Programu zilizokuwa zikiipakua kwa jina hilo zikakosa pa kuchota. Nakala zilikuwepo kwa wengine na zikapandishwa upya mahali pengine, lakini aliyekuwa ameandika jina tu kwenye rekodi yake hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba faili alilolipata ni lile lile. Kuthibitisha huko kunahitaji alama ya faili, inayopatikana kwa amri moja:

```
sha256sum sd_xl_base_1.0.safetensors
```

Herufi na tarakimu 10 za mwanzo za jibu ndizo ambazo AUTOMATIC1111 huziita `Model hash`. Rekodi za zamani zina alama fupi ya herufi 8, nazo zisiaminiwe sana: programu wakati huo ilisoma kipande kidogo cha faili badala ya faili zima, hivyo modeli mbili tofauti ziliweza kutoa alama moja. Bora zaidi ni kulihifadhi faili lenyewe. Modeli ya msingi ya SDXL ina uzito wa karibu GB 7, na inatosha nakala moja kwa kazi zote za studio, si moja kwa kila bango. Faili ndogo za LoRA zihifadhiwe pia, kwa sababu hizo ndizo hubadilishwa na waundaji wake bila kubadilisha jina.

Yote hayo yakiandikwa, je, picha itarudi pikseli kwa pikseli? Kwenye mashine ile ile yenye programu zile zile, kwa kawaida ndiyo. Nje ya hapo hakuna anayeahidi. Nyaraka za PyTorch, maktaba ambayo modeli hizi zinaendeshwa juu yake, zinasema wazi kwamba matokeo yanayolingana kikamilifu hayahakikishwi kati ya toleo moja na jingine wala kati ya aina za mashine, hata mbegu zikifanana. Kiongeza kasi cha xformers, kinachopendwa na wenye kadi ndogo, kinaweza kuleta tofauti kidogo hata kati ya mizunguko miwili kwenye kompyuta moja. Kwa bango tofauti hizo hazionekani. Kwa kazi inayotaka ulinganifu kamili, kizimwe.

Ni busara kuijaribu rekodi siku ile ile, kabla folda haijafungwa. Mtu mwingine pale studioni, si yule aliyeitengeneza picha, apewe rekodi na mafaili na aambiwe azalishe hatua ya kwanza na ya tatu. Kulinganisha mafaili yenyewe kwa `sha256sum` hakufai hapa, kwani PNG mbili zenye pikseli sawa zinaweza kutofautiana kwa maandishi yaliyofichwa ndani. Zilinganishwe pikseli, kwa ImageMagick:

```
compare -metric AE 01_asili.png 01_marudio.png null:
```

Jibu likiwa 0, zimefanana. Likiwa si 0, picha zilazwe moja juu ya nyingine ndani ya Photoshop au GIMP kwa hali ya `Difference`, ambapo kilichofanana huwa cheusi. Jicho lililozoea hutambua kosa kwa sura yake. Vumbi jepesi lililotapakaa kote ni mashine au xformers. Mpangilio mpya kabisa, dirisha likiwa limehamia upande mwingine, ni mbegu, vipimo, au chanzo cha chenga. Mpangilio ule ule lakini mbao za sura nyingine ni modeli au LoRA iliyobadilishwa, kwa kuwa modeli zilizotoka shina moja mara nyingi hupanga vitu kwa kufanana mbegu ikiwa moja. Picha ile ile iliyopauka rangi kote mara nyingi ni VAE, ile sehemu inayolifungua umbo lililobanwa na kulirudisha kuwa pikseli.

Sasa mteja amerudi na maombi yake, na hapa ndipo kurudia kunapoachana na kurekebisha. Nembo mpya kwenye kopo lenye umbo lile lile haihitaji modeli hata kidogo: kopo jipya linawekwa kwenye tabaka lake juu ya meza ambayo kivuli chake kipo tayari, na hatua ya nne na ya tano zinarudiwa. Kopo likigeuka kutoka jekundu kuwa la kijani, hatua ya tatu irudiwe kwa maski, pindo na mbegu zile zile, ili umbo la kivuli libaki karibu na lililopitishwa na rangi ya mng'ao ndiyo ifuate.

Ombi la mraba ni gumu zaidi. Kukata 768 kwa 768 kuzunguka kopo ndiyo njia ya mkato, na mara nyingi inatosha. Mteja akitaka dirisha lote libaki, picha ya 1344 inaongezwa pikseli 288 juu na 288 chini. Si vizuri kuipa SDXL mraba mzima wa 1344 kwa mkupuo mmoja, kwani imezoezwa kwenye picha za takriban pikseli milioni moja na huanza kurudiarudia vitu. Afadhali juu na chini zifanywe kwa zamu, kila mara modeli ikipewa dirisha la 1344 kwa 768 lenye ukanda mpya wa 288 na pikseli 480 za picha ya zamani. Na mwisho, picha iliyoidhinishwa irudishwe juu ya matokeo. Hili husahaulika sana kwa watumiaji wa ComfyUI. Picha ikibanwa na kufunguliwa tena na VAE, hata sehemu zilizo nje ya maski hubadilika kidogo, na herufi ndogo za kwenye kopo ndizo za kwanza kulegea. AUTOMATIC1111 huirudisha picha ya asili yenyewe. Katika ComfyUI lazima mtu aweke nodi ya `ImageCompositeMasked` kwa mkono wake.

Mwanga wa jioni badala ya asubuhi? Kubadilisha neno moja kwenye maelekezo huku mbegu ikibaki husogeza vitu ambavyo mteja alishavipenda. Mikunjo ya rangi ndani ya Photoshop hufanya kazi hiyo kwa robo saa bila kumshtua mtu.

Kwa huduma zilizofungwa mambo ni machache zaidi. Midjourney inapokea `--seed` kuanzia 0 hadi 4294967295, lakini modeli iko kwao na hubadilishwa wanapotaka, hivyo toleo, kwa mfano `--v 6`, liandikwe daima, na mbegu ichukuliwe kama msaada tu wa kukaribia. `Generative Fill` ya Photoshop haimpi mtumiaji mbegu yoyote ya kuandika. Hutoa chaguo tatu na kuzitunza ndani ya tabaka lake, na tabaka hilo likiunganishwa na mengine, chaguo hizo zimekwenda. Hapo rekodi pekee ni faili la PSD lisilobanwa matabaka.

Ikiwa nafasi ya diski inaruhusu kitu kimoja tu zaidi ya picha ya mwisho, kisiwe maelekezo wala mbegu. Kiwe `02_muunganiko.png` pamoja na maski yake. Mandhari iliyopotea mbegu bado ipo kama picha na inaweza kukatwa, kuongezwa na kupakwa rangi; hatua ya mkono iliyofutwa hulipwa kwa kufanya kazi yote upya, na mara nyingi mteja hatoi malipo ya mara ya pili.